Sensa 2012 na 2022: Dar es Salaam imepungua au imeongezeka? Tusaidieni sentensi moja

#1 Chausiku wa Bunju

Wakuu, habari za jioni. Tuna zoezi la uandishi wa kitaaluma, mwaka wa kwanza. Tumepewa jedwali la sensa mbili na maelekezo ya mstari mmoja: lieleze kwa maneno yasiyozidi 200, usitoe sababu. Jedwali lilikuja na idadi za watu tu. Asilimia tumezikokotoa wenyewe ili tuchore na chati duara mbili, moja kwa kila sensa.

| Eneo | 2012 | % | 2022 | % |
|---|---|---|---|---|
| Dar es Salaam | 4,364,541 | 10 | 5,383,728 | 9 |
| Mwanza | 2,772,509 | 6 | 3,699,872 | 6 |
| Dodoma | 2,083,588 | 5 | 3,085,625 | 5 |
| Zanzibar | 1,303,569 | 3 | 1,889,773 | 3 |
| Mikoa mingine | 34,404,716 | 77 | 47,682,122 | 77 |
| Jumla | 44,928,923 | 100 | 61,741,120 | 100 |

Kikundi kimegawanyika kwenye mstari wa kwanza. Mmoja ameandika "Idadi ya watu wa Dar es Salaam imepungua kwa asilimia 1." Wa pili anataka "Dar es Salaam imeshuka kutoka asilimia 10 hadi 9." Mimi nimeandika "Idadi ya watu wa Dar es Salaam imeongezeka kwa asilimia 23." Wote tunatazama jedwali moja. Nani yuko sahihi?

#2 Mkorofi wa Mbagala

Dar ipungue watu? Huyo wa kwanza mleteni Mbagala Rangi Tatu saa kumi na mbili asubuhi agombee siti ya daladala, halafu aandike tena.

#3 Mwalimu wa Zamu

Chausiku, sentensi ya pili ndiyo sahihi. Ya kwanza inasema jambo lilelile kwa ufupi. Yako haifai kwa sababu hiyo 23 haimo kwenye jedwali, na kanuni ya kueleza jedwali ni kutosema kisichoonekana. Halafu punguzeni asilimia, zinachosha msomaji. Tumieni nusu, robo, theluthi. Mfano 77 ni robo tatu.

#4 Kokotoa

Mwalimu wa Zamu, nakubaliana nawe kuhusu ya pili, kwa masharti. Ya kwanza haisemi jambo lilelile hata kidogo. Ya kwanza ni uongo.

Tazameni safu za idadi. Dar ilikuwa na watu 4,364,541, ikafika 5,383,728. Wameongezeka watu 1,019,187. Kilichoshuka ni sehemu ya Dar ndani ya watu wote wa nchi, na imeshuka kwa sababu nchi nzima imekua kwa asilimia 37 na Dar kwa 23 tu. Ukiandika "idadi ya watu imepungua", umefuta watu zaidi ya milioni moja kwa kalamu.

Hata ile "asilimia 1" ina kasoro. Kabla ya kuduarisha kuwa namba kamili, sehemu ya Dar ilikuwa 9.7 ikawa 8.7. Tofauti ni pointi moja ya asilimia. Lakini pointi moja ukiipima dhidi ya 9.7 ya mwanzo, sehemu hiyo imepungua kwa takriban asilimia 10. Kwa hiyo anayesoma "imepungua kwa asilimia 1" hana namna ya kujua unapima nini dhidi ya nini.

Mimi kila nikiona asilimia kwenye rasimu naiuliza: ya nini? 23 ni ya watu wa Dar wa mwaka 2012. 8.7 ni ya Watanzania wote wa 2022. Sentensi isiyojibu swali hilo irudishwe kiwandani.

Na 23 iko kwenye jedwali. Gawanya ongezeko kwa idadi ya 2012 utaipata. Kukokotoa kutoka kwenye namba ulizopewa hakuhesabiki kama kuongeza habari za nje.

#5 Kijana wa Eldoret

Kuna kitu hakuna aliyekiona. Jumlisheni safu ya asilimia ya 2012: 10, 6, 5, 3, 77. Hiyo ni 101, si 100.

#6 Chausiku wa Bunju

Mungu wangu, kweli. Ya 2022 inatoa 100 sawasawa. Tumekosea wapi? Tumerudia kwenye kikokotoo, idadi zote ziko sawa.

#7 Mwalimu wa Zamu

Punguzeni moja kwenye mikoa mingine, iwe 76. Ndiyo kubwa kuliko zote, haitaonekana. Jedwali lisilofika 100 linakatwa maksi.

#8 Kokotoa

Hapana, msifanye hivyo. 34,404,716 kwa 44,928,923 inatoa 76.58, na ukiiduarisha ni 77. Ukiandika 76 umebadilisha takwimu ili safu ipendeze, na mtu mwenye kikokotoo atakukamata kama Eldoret alivyowakamata.

Hakuna aliyekosea hesabu. Safu ya 2012 kwa desimali mbili ni 9.71, 6.17, 4.64, 2.90 na 76.58. Nne kati ya tano zimepanda mlipoduarisha, moja tu ndiyo imeshuka. Vipande hivyo vidogo vimejumlishana vikazaa 1 ya ziada. Njia ni mbili. Mnabaki na namba kamili na kuandika chini ya jedwali kwamba jumla inaweza isifike 100 au kuizidi kwa sababu ya kuduarisha, au mnatumia desimali moja. Mimi ningetumia desimali moja. Ya 2012 inakuwa 9.7, 6.2, 4.6, 2.9, 76.6, na ya 2022 inakuwa 8.7, 6.0, 5.0, 3.1, 77.2. Zote mbili zinafika 100.0.

Sababu kubwa zaidi ya desimali ni Dodoma. Kwenye jedwali la Chausiku, Dodoma ni 5 na 5, kana kwamba hakuna kilichotokea. Kumbe imekua kwa asilimia 48, kasi kuliko zote mlizoorodhesha, na sehemu yake imetoka 4.6 hadi 5.0. Namba kamili zimemficha mtu mwenye habari nzuri kuliko wote.

#9 Tasnifu Haiishi

Naomba kuingilia maana nami nina shida ya majedwali. Utafiti wangu una watafitiwa 18, walimu wa shule za msingi. Jedwali langu moja linasema walimu 5, sawa na asilimia 27.78, wanatumia vitabu vya hadithi darasani. Je, nitumie desimali moja au mbili?

#10 Kokotoa

Kwako wewe, hata moja. Kwa watu 18, kila mwalimu mmoja ana uzito wa zaidi ya asilimia 5. Akibadili mawazo mwalimu mmoja, 27.78 yako inaruka hadi 33.33. Sasa hizo desimali mbili zinapima nini? Andika "walimu 5 kati ya 18", msomaji ataona mwenyewe ukubwa wa jambo. Hii ya Chausiku ni watu milioni 61, huko 0.1 ya asilimia ni watu elfu 60 na zaidi. Ndiyo maana desimali ina kazi.

#11 Tasnifu Haiishi

Msimamizi wangu anataka asilimia kila mahali, tena desimali mbili. Nikiandika "5 kati ya 18" anapigia mstari mwekundu.

#12 Mkorofi wa Mbagala

Mpe vyote, "walimu 5 kati ya 18 (asilimia 27.8)". Uhitimu kwanza, ubishi baadaye.

#13 Mpemba wa Wete

Assalaam alaykum wanajukwaa. Mimi nina neno na mstari wa nne na wa tano. Zanzibar si mkoa. Zanzibar ina mikoa mitano, mitatu Unguja na miwili Pemba. Nyie mmeiweka safu moja na Dar es Salaam, Mwanza na Dodoma ambayo kila mmoja ni mkoa, kisha chini yake mkaandika "mikoa mingine" kana kwamba ya juu yote ni mikoa. Bara ina mikoa 26. Mkitoa mitatu mliyoitaja inabaki 23. Basi mstari wa mwisho uitwe "mikoa iliyosalia ya Bara", na kwenye maelezo muandike "maeneo manne", si "mikoa minne".

#14 Chausiku wa Bunju

Ahsante sana kaka, jedwali tulipewa hivyohivyo lakini kwenye maelezo tutalitaja kama ulivyosema.

#15 Kokotoa

Mpemba amegusa pazuri. Niongeze hatari iliyo jirani na hiyo. Hii mikoa mliyopewa ina bahati, mnaweza kuilinganisha 2012 na 2022. Mngepewa Mbeya mngetumbukia. Songwe ilimegwa kutoka Mbeya mwaka 2016, kwa hiyo Mbeya ya sensa ya 2012 na ya 2022 zina jina moja na mipaka tofauti. Mtu angeandika kwa ujasiri kabisa kwamba Mbeya imepoteza watu, wakati kilichohama ni mpaka.

#16 Mama Neema Kibaha

Mimi sisomi chuo lakini uzi umenivuta. Nafanya biashara Kariakoo, nalala Kibaha. Siku ya sensa waliuliza nani alilala hapa usiku wa kuamkia tarehe 23 Agosti. Nikahesabiwa Pwani. Asubuhi niko Dar, jioni niko Dar, ila kwenye jedwali lenu simo. Majirani zangu wengi wako hivyo, walihama Dar kwa sababu ya viwanja. Ndiyo maana Dar imeshuka.

#17 Mkorofi wa Mbagala

Mama Neema ametoa jibu. Pwani ilikuwa na 1,098,668 mwaka 2012, ikafika 2,024,947 mwaka 2022. Imekaribia kujizidisha mara mbili. Wamehamia Mkuranga, Kibaha na Bagamoyo. Uzi ufungwe.

#18 Mpemba wa Wete

Usifungwe. Dar imekua kwa 23 na nchi kwa 37. Hata asihame mtu, kama mikoa mingine watoto wanazaliwa wengi zaidi kwa kila mama, sehemu ya Dar itashuka vilevile. Hizo ni sababu mbili tofauti na jedwali hili haliwezi kuzitenganisha.

#19 Mwalimu wa Zamu

Na tatu ni serikali kuhamia Dodoma kuanzia 2016. Watumishi wametoka na familia zao.

#20 Mama Neema Kibaha

Hao watumishi wangapi jamani? Sisi wa viwanja ndio wengi.

#21 Kokotoa

Huenda nyote mna sehemu ya ukweli, ila tazameni zoezi: "usitoe sababu". Jedwali lina idadi za watu kwa maeneo na miaka. Halina vizazi, halina wahamiaji. Sentensi yoyote ya "hii ni kwa sababu" inatoka nje ya karatasi. Hata kwenye tasnifu, sababu zina mahali pake kwenye mjadala, na zinahitaji takwimu zake zenyewe.

Kuna jambo moja la Mama Neema nisingeliacha hata kwenye maelezo ya maneno 200, nalo si sababu, ni maana ya namba yenyewe: hawa ni watu waliolala Dar usiku ule. Kama jedwali lingekuwa na maelezo hayo chini yake, ningeyataja.

#22 Kijana wa Eldoret

Nina swali la chati. Kuna mahali niliona chati duara ya sensa ya Kenya ya 2019 kwa jinsia. Wanaume 23,548,056, wanawake 24,014,716, huntha 1,524. Aliyechora aliweka vipande vitatu na kwenye ufunguo akaandika huntha "0%". Mimi nikaona si haki. Hao watu wapo, wamehesabiwa mmoja mmoja, halafu chati inasema ni sifuri.

#23 Kokotoa

Uko sahihi kabisa, na ni mfano mzuri wa mahali duara linaposhindwa. Watu 1,524 kati ya 47,564,296 ni asilimia 0.003. Duara zima ni digrii 360, kwa hiyo kipande chao ni kama digrii 0.01. Mstari wenyewe wa kutenganisha vipande ni mnene kuliko wao. Hapo chora vipande viwili ukitaka, lakini idadi 1,524 iandikwe kwa tarakimu zake chini ya chati na ndani ya aya. Sifuri isiandikwe popote.

Chausiku, na nyie chati zenu zina tatizo jingine. Mmechora maduara mawili ya ukubwa sawa?

#24 Chausiku wa Bunju

Ndiyo, kila moja nusu kipenyo sentimita 5. Kipande cha Dar ni digrii 35 kwa 2012 na digrii 31 kwa 2022.

#25 Kokotoa

Basi ndiko alikotoa sentensi yake huyo mwenzenu wa "imepungua". Jicho limeona kipande kimekonda, likahitimisha watu wamepungua. Maduara sawa yanasema jumla ni sawa, na jumla zenu zinatofautiana kwa watu milioni 16.8.

Mkitaka maduara yaseme ukweli, eneo la duara la pili liwe kubwa kwa asilimia 37. Eneo hukua kwa kipeo cha pili cha nusu kipenyo, kwa hiyo 5 isizidishwe kwa 1.37, izidishwe kwa kipeuo cha pili cha 1.37, yaani kama 1.17. Nusu kipenyo kipya ni takriban sentimita 5.9. Chora hivyo, kipande cha Dar kitakuwa chembamba kwa pembe lakini kikubwa kwa eneo, na hayo ndiyo yaliyotokea.

#26 Mwalimu wa Zamu

Hiyo ni kazi ya mhandisi. Kwa mwaka wa kwanza inatosha kuandika jumla chini ya kila duara.

#27 Kokotoa

Hapo nakubali. Jumla chini ya kila duara inatosha, mradi isisahaulike.

#28 Chausiku wa Bunju

Tumekaa jana usiku tukaandika upya. Tafadhali pigeni nyundo:

"Jedwali linaonyesha idadi ya watu nchini Tanzania katika sensa za mwaka 2012 na 2022, kwa maeneo manne na mikoa iliyosalia ya Bara. Kwa ujumla, idadi ya watu iliongezeka kutoka milioni 44.9 hadi milioni 61.7, na kila eneo lilipata ongezeko, ingawa kwa kasi tofauti. Dar es Salaam iliongoza mikoa iliyotajwa katika sensa zote mbili. Watu wake waliongezeka kwa asilimia 23, kutoka milioni 4.4 hadi milioni 5.4. Hata hivyo, ongezeko hilo lilikuwa dogo kuliko la nchi nzima, lililofikia asilimia 37, hivyo sehemu ya Dar es Salaam katika watu wote ilishuka kutoka asilimia 9.7 hadi 8.7. Mwanza nayo iliongezeka kwa idadi huku sehemu yake ikishuka kidogo, kutoka asilimia 6.2 hadi 6.0. Kinyume chake, Dodoma na Zanzibar ziliongezeka karibu nusu, na sehemu zao zikapanda hadi asilimia 5.0 na 3.1 mtawalia. Mikoa iliyosalia ilibeba robo tatu ya watu wote."

#29 Mkorofi wa Mbagala

Mbona sasa inasomeka vizuri. Aliyesema Dar imepungua yuko wapi?

#30 Chausiku wa Bunju

Ndiye aliyechapa hii 😀

#31 Kokotoa

Nzuri. Nina mawili. "Ziliongezeka karibu nusu" iulizwe swali langu: nusu ya nini? Mtu anaweza kuelewa Dodoma ni karibu nusu ya nchi. Andika "ziliongezeka kwa karibu nusu ya idadi zilizokuwa nazo mwaka 2012". Ni ndefu, lakini haina njia mbili.

La pili ni "robo tatu". Robo tatu ni 75, na nyie mna 76.6 na 77.2. Kwenye milioni 61, pengo la 75 na 77.2 ni watu zaidi ya milioni 1.3, wakazi wa mkoa mzima. Wekeni "zaidi kidogo ya robo tatu", na mseme ni katika sensa zote mbili. Sehemu kama robo na theluthi ni nzuri mahali ambapo asilimia halisi inaikaribia, na hilo neno la kukadiria lisikosekane.

#32 Mpemba wa Wete

Mie nauliza kuhusu "hivyo sehemu ya Dar es Salaam ilishuka". Hiyo "hivyo" si sababu? Nanyi mmekatazwa sababu.

#33 Kokotoa

Hiyo ni matokeo ya hesabu. Anayekua polepole kuliko jumla lazima sehemu yake ishuke, huhitaji kujua chochote nje ya jedwali.

#34 Mpemba wa Wete

Msahihishaji mwenye haraka hatofautishi. Mimi ningeweka "na" badala ya "hivyo", nikalala salama.

#35 Kijana wa Eldoret

Tukiwa kwenye lugha, mnaandikaje: "asilimia 8.7 ya Watanzania inaishi Dar" au "wanaishi Dar"? Mwalimu wetu alisisitiza "inaishi", kwa sababu kinachotawala sentensi ni asilimia.

#36 Tasnifu Haiishi

Mimi naandika "wanaishi". Kinachoishi ni watu, asilimia haina nyumba. "Asilimia 60 ya watafitiwa ilisema" inanikwaza sikioni.

#37 Mwalimu wa Zamu

Eldoret yuko sahihi kisarufi. Ila magazetini utakuta zote mbili, tena ukurasa mmoja. Chagua moja, ushike hiyohiyo mpaka mwisho wa kazi. Mwanafunzi anayechanganya ndiye anayekatwa.

#38 Kijana wa Eldoret

Au uepuke kabisa: "Dar es Salaam ilikuwa na asilimia 8.7 ya watu wote."

#39 Chausiku wa Bunju

Nashukuru nyote, tunakusanya Ijumaa. Limebaki moja: mwenzetu anataka kuongeza "ilishuka kwa pointi moja ya asilimia". Iwekwe?

#40 Mwalimu wa Zamu

Msiweke. "Pointi" wengi wanaijua ya mpirani. Kutoka 9.7 hadi 8.7 kunatosha, msomaji atatoa mwenyewe.

#41 Kokotoa

Kwa Dar inatosha kweli. Lakini ukiwa na jedwali la maeneo 10 huwezi kurudia "kutoka hadi, kutoka hadi" mara 10 ndani ya maneno 200, hapo pointi inakuokoa. Iwekeni ukitaka, mradi msiandike "kwa asilimia moja".

#42 Mwalimu wa Zamu

Maeneo 10 ndani ya maneno 200 hayaelezwi yote. Unachagua matatu au manne yenye jambo la kusema, mengine unayaacha jedwalini.

#43 Tasnifu Haiishi

Hilo mwambie msimamizi wangu. Anataka kila mstari wa jedwali uwe na sentensi yake.